Albadiri inasomwa Alhamisi, na mke wangu ana ufunguo mmoja kati ya tatu. Je, humpata na asiyeiba?

#1 Mpangaji wa Tandika
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na wenye matani yao naomba wanisubiri kidogo.

Mke wangu yuko kwenye kikoba cha kina mama ishirini na wawili hapa mtaani. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu na kila ufunguo anao mtu wake. Mke wangu ni mmoja wa hao watatu. Sanduku lenyewe hulala kwa mweka hazina. Jumapili walikuwa wanavunja kikoba wagawane, likafunguliwa mbele ya wote, kufuli zote nzima, hela imepungua 1,140,000.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Alikaa kimya mpaka watu wakaogopa, kisha akasema: "Aliyechukua anajijua. Nampa mpaka Alhamisi magharibi. Arudishe usiku, aache dirishani kwangu, sitauliza ni nani. Isiporudi, usiku wa kuamkia Ijumaa inasomwa Albadiri." Ustadhi ameshaongea naye.

Tangu hapo mke wangu hali, halali. Anaapa hajagusa hata shilingi, na mimi namwamini. Mimi ni mtu wa Njombe, Mlutheri, mambo haya ya Pwani nayasikia tu. Maswali yangu ni mawili. Humpata na asiye Mwislamu? Na asiyeiba, lakini alishika ufunguo, yuko salama?

#2 Mla Vitumbua
Nimetandika mkeka. Ngoja waje wenye Pwani yao.

#3 Kibopa wa Mbezi
Dua la kuku halimpati mwewe. Mwambie shemeji ale ugali alale.

#4 Mama Wawili
Pole kaka. Laana ipo jamani, msichezee. Mimi mama mkwe aliniambia "nyumba hii hutaikalia" mwaka wa pili wa ndoa, sababu nilimkataza mwanawe asiuze kiwanja cha Chanika. Hatukupita miaka mitatu tukaachana. Muombe shemeji aende kwa mama yake amwagie maji mikononi, apate radhi.

#5 Mpangaji wa Tandika
Mama Wawili, asante, ila mama yake hana ugomvi naye. Tatizo ni kikoba.

#6 Mjukuu wa Kisarawe
Kijana wa #3, methali yako umeitupa mahali sipo. Kuku analia peke yake. Hapa wanalia watu ishirini na wawili, na mwewe yumo humo humo ndani anaitikia amina pamoja nao. Hilo ndilo linalomtesa.

Mleta uzi, mimi nimekulia Maneromango, nimehamia mjini Mtoni tangu enzi za Mwalimu. Wazee wetu walitenganisha vitu viwili ambavyo vijana mnavichanganya. Kuna kuloga na kuna kuapiza. Mlogaji hufanya kwa siri, hataki ajulikane, na hahitaji umemkosea. Anayeapiza hutangaza. Husimama uani, au njia panda, akataja kilichoibwa na siku kilipoibwa, akasema "aliyechukua kuku wangu mweupe, nampa siku saba". Hataji jina la mtu, anataja kitendo. Ukitaja jina bila ushahidi umeshatoka kwenye apizo, umeingia kwenye uchawi, na mtaa mzima utakuhesabu mchawi.

Sasa muangalie huyo mwenyekiti wenu. Hajamtaja mtu. Ametoa siku, ametoa dirisha, ametoa giza la kurudishia, na ameahidi hatauliza. Mwanamke huyo anajua kazi yake. Apizo zuri ni lile lisilofika siku ya kusomwa.

#7 Abuu Salama wa Ilala
Assalaam alaykum. Hili la Albadiri ni bidaa. Mtume (s.a.w.) hakuibiwa akakusanya watu kusoma majina. Ukidhulumiwa, inua mikono yako umuombe Mwenyezi Mungu moja kwa moja. Majina ya mashahidi 313 wa Badri hayawezi kumfura mtu tumbo.

#8 Mwanafunzi wa Chuoni
Waalaykum salaam sheikh wangu wa #7. Katika bidaa nitakujia, lakini kwanza turekebishe hesabu. Hao 313 si mashahidi, ni wapiganaji wa vita vya Badri. Waliokufa shahidi upande wa Waislamu siku ya Badri ni 14, na makuraishi walipoteza watu kama 70. Ilikuwa tarehe 17 Ramadhani, mwaka wa 2 wa Hijra. Kinachosomwa ni majina ya wote waliohudhuria, walio hai siku hiyo na waliokufa, na hata idadi yenyewe wapokezi wamepishana kidogo.

Mimi nimesoma chuoni Temeke na nimekaa kwenye visomo hivi zaidi ya mara kumi, kwa hiyo naeleza nilichokiona. Mara nyingi ni baada ya isha. Wanakaa walimu na wanafunzi wakubwa, chetezo cha ubani kinawekwa, inasomwa Fatiha, Yasini, kisha majina moja baada ya moja, na baada ya majina dua inayoeleza shida. Mwisho sadaka, wali au vitumbua. Asili yake ni kutabaruku, yaani kutafuta baraka. Watu waliisoma kwa ajili ya safari, maradhi na kinga. Kutumia kumsaka mwizi kumekuja kuwa umaarufu wake kwa sababu ndiko kunakotisha. Ukisema "nimesomewa Albadiri ya kheri" hapa Dar hakuna atakayekuelewa.

Swali la mleta uzi kuhusu dini: nimewaona Wakristo wakija kusomesha, na nimewaona wakirudisha vitu. Hakuna aliyemuuliza mwizi kadi ya ubatizo.

#9 Kibopa wa Mbezi
Kwa hiyo jibu la pili liko wapi, asiyeiba humpata au hampati? Walimu mnazunguka kama daladala ya Gongo la Mboto.

#10 Mwanafunzi wa Chuoni
Kwa watu wa mtaani utasikia majibu matatu na hayapatani. Wengine husema hupiga mwenyewe tu. Wengine husema hufagia na nyumba yake, aliyekula nyama ya mbuzi wa wizi bila kujua naye yumo. Wa tatu husema ikikosa wa kumpiga hurudi kwa msomeshaji. Hili la tatu lina jamaa yake kwenye hadithi, aliyoipokea Abuu Dardaa, kwamba laana hupanda mbinguni ikakuta milango imefungwa, ikashuka ardhini ikakuta imefungwa, ikaenda kulia na kushoto, na isipopata njia humwendea aliyelaaniwa. Kama hastahiki, humrudia aliyeisema.

Ila kisa kinachonitosha mimi ni cha Saad bin Abi Waqqas, ambaye naye alipigana Badri. Alipokuwa gavana wa mji wa Kufa watu walimshtaki kwa Khalifa Umar. Umar akatuma watu wapite msikiti kwa msikiti kuuliza habari zake. Kila msikiti ukamsifu, mpaka msikiti wa Banu Abs, akasimama mtu mmoja akasema: Saad haendi na jeshi, hagawi sawa, hahukumu kwa uadilifu. Saad akajibu kwa dua tatu, moja kwa kila shtaka: "Ewe Mola, kama mja wako huyu ni mwongo na amesimama kwa kutaka kuonekana, urefushe umri wake, urefushe ufukara wake, na umtie kwenye fitina." Mpokezi anasema alimwona baadaye ni mzee, nyusi zimemwangukia machoni, anawasumbua wasichana njiani, na akiulizwa husema: "Mzee mwenye kufitinika, dua ya Saad imenipata."

Tazameni hilo neno "kama". Saad alikuwa anajua fika kwamba anasingiziwa, na bado akaliweka. Lile ndilo linalomlinda asiye na hatia. Mleta uzi, usihangaike kuuliza Albadiri ina nguvu au haina. Muulize ustadhi anayesoma: dua yako ina "kama" au inataja watu watatu wenye funguo?

#11 Abuu Salama wa Ilala
Kisa cha Saad ni sahihi, kimo katika Bukhari, na asante kwa masahihisho ya mashahidi. Lakini umenisaidia hoja yangu ndugu. Saad alimuomba Mola wake kwa mdomo wake. Hakukusanya orodha ya majina wala chetezo. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia, Mtume alimwambia hivyo Muadhi alipomtuma Yemen. Basi ubani wa nini?

#12 Mwanafunzi wa Chuoni
Ubani wa kufukuza mbu wa Temeke, sheikh. Tutaonana Ijumaa.

#13 Sista Mstaafu
Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja, naomba niseme kidogo.

Hayo matumbo ya Albadiri nimeyaona. Kijana analetwa tumbo limefura kama la mjamzito, miguu imevimba, macho ya njano. Ndugu wananong'ona koridoni kwamba aliiba pampu ya maji akasomewa. Tunapima, ni homa ya ini ya siku nyingi, ini limeshakakamaa na maji yamejaa tumboni. Ugonjwa huo hutambaa miaka bila dalili. Alikuwa nao kabla ya hiyo pampu kuzaliwa kiwandani. Lakini apizo lilisema "tumbo", tumbo likafura, mtaa ukafunga hesabu. Walioiba na matumbo yao yako sawa hawaletwi wodini, kwa hiyo hakuna anayewahesabu.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba hofu nayo si kitu cha kucheka. Mwaka 1942 daktari mmoja wa Kimarekani, Walter Cannon, aliandika kuhusu watu waliokufa baada ya kuapizwa, akasema mwili ukikaa kwenye hofu kali kwa siku nyingi, bila kula wala kunywa, moyo na mishipa huchoka mpaka hushindwa. Alitegemea habari alizoandikiwa na wengine, hakuwapima wagonjwa hao, kwa hiyo msizibebe kama msahafu. Lakini shemeji yetu asiyekula tangu Jumapili ananitia wasiwasi kuliko Alhamisi yenyewe. Mpe uji, mpe maji. Kama ana presha, umpeleke akapimwe leo, usingoje ustadhi.

#14 Kibopa wa Mbezi
Nilisema ale ugali nikaonekana mjinga. Sista kasema uji, mnapiga makofi.

#15 Binti wa Kibosho
Nyie wa Pwani mna bahati, yenu hurudi. Sisi Wachagga tuna chungu.

Babu yangu mdogo alipigwa chungu na jirani kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Jirani alisema maneno yake, akakivunja, na maneno yenyewe hayakumlenga babu tu bali na "wanaotoka kwake". Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nimekua nasikia kila kifo kwenye ukoo kinahesabiwa: huyu wa chungu, huyu wa Mungu. Mwaka fulani, Krismasi, tulipanda basi watu kumi na wanne kutoka Dar kwenda kuomba. Tulibeba majani ya isale, kulikuwa na mbuzi na mbege, wazee wa pande mbili wakakaa. Tatizo likawa aliyevunja ameshafariki, na wazee walibishana saa nzima kama mwanawe anaweza kufungua neno ambalo hakulifunga yeye. Mmoja alisema anaweza kwa sababu ni damu yake. Mwingine alisema maneno yameondoka na mwenyewe.

Mwisho mwana akafungua. Mjomba wangu akafa miezi miwili baadaye. Mpaka leo ukoo umegawanyika kama chungu kilifunguka au la. Mpaka wenyewe, kwa taarifa yenu, ulikuwa wa hatua kama nne.

#16 Mla Vitumbua
Hii chai au kweli? Maana imenikaa kooni.

#17 Binti wa Kibosho
Njoo Kibosho nikuonyeshe makaburi, mla vitumbua.

#18 Mhasibu wa Kariakoo
Samahani, nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Nani kasema hela imeibwa? Kufuli nzima, sanduku zima. Mmelinganisha hisa zilizopigwa muhuri kwenye vitabu vya wanachama na mikopo iliyotoka na iliyorudi? Kwenye vikoba viwili nilivyowahi kuvikagua, "mwizi" alikuwa mkopo ulioandikwa umerudi wakati haujarudi. Mnakwenda kumsomea makosa ya kalamu.

#19 Mjukuu wa Kisarawe
Mhasibu, hilo ni neno. Zamani nako walianza kwa kumtafuta kuku kichakani kabla ya kupanda njia panda.

#20 Karani wa Mahakama
Angalizo: mwenyekiti ajue kutisha watu namna hiyo ni kosa. Kuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu 1928. Ukisoma Albadiri unafungwa.

#21 Wakili wa Mtaani
Karani, umepatia nusu. Sheria hiyo inamgusa anayejidai ana nguvu za uchawi, anayetishia kuzitumia, na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kisomo cha dua hakijaandikwa humo kwa jina, na sidhani utamkuta hakimu anayetaka kuamua kama Yasini ni kifaa cha uchawi. Mambo yakibadilika ni pale mtu anapotajwa jina, akapigwa, au akatozwa hela "asisomewe". Hapo tuko kwenye makosa ya kawaida kabisa, uchawi wa nini.

Nikiwa hapa hapa: mnaona kuapa na kuapiza ni neno moja limeongezwa mkia? Rais anaapishwa, shahidi anaapa, mwizi anaapizwa. Kila anayeapa kizimbani anajiwekea apizo lenye "kama" ya Mwanafunzi wa #10: nikisema uongo, yanipate. Wateja wangu wengine hawaogopi kifungo cha kusema uongo, lakini mkono ukigusa kitabu wanaanza kukohoa.

#22 Mama Wawili
Na hapa Dar apizo kubwa kuliko yote mmelisahau. Mtu akikuangalia akakwambia taratibu, "Haya, namwachia Mungu." Bora anitukane.

#23 Sista Mstaafu
Hilo kweli dada. Hilo hata mimi hunikosesha usingizi.

#24 Dada wa Jumapili
Mleta uzi, kwa kuwa ni Mlutheri, msomee mkeo Mithali 26:2. Laana isiyo na sababu ni kama shomoro anayetangatanga, haimpigi mtu. Akisema hiyo ni ya Biblia tu, mwambie asome tena #10, wote wamesema kitu kimoja.

#25 Binti wa Kibosho
Si kitu kimoja. Shomoro wenu hupotea. Ya Abuu Dardaa humrudia msemaji. Na chungu chetu hakipotei wala hakirudi, kinakaa. Hizo ni laana tatu tofauti, dada.

#26 Mpangaji wa Tandika
Wakuu, narudi na taarifa. Leo ni Ijumaa, poleni kwa kuchelewa.

Nilimuuliza ustadhi swali la "kama". Akacheka, akasema yeye hasomi majina ya watu, husema "aliyechukua hali anajua si haki yake", na akaniambia nimpelekee mke wangu maneno hayo neno kwa neno. Nikampelekea. Usiku huo alikunywa uji.

Jumatano walikaa na vitabu kama alivyosema Mhasibu. Mkopo wa 300,000 umeandikwa umerudishwa mwezi wa tisa, aliyekopa mwenyewe akasema jamani mimi bado nadaiwa. Kwa hiyo upungufu wa kweli ni 840,000. Alhamisi alfajiri mwenyekiti akakuta dirishani 600,000 zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Zimebaki 240,000. Wameahirisha kusoma wiki moja.

Sasa kikoba kimegawanyika. Wengine wanasema aliyerudisha atamalizia, apewe nafasi. Wengine wanasema walikuwa wezi wawili na mmoja hajaogopa bado. Mweka hazina anasema labda zote zilikuwa 600,000 na hesabu bado ina kosa.

#27 Mhasibu wa Kariakoo
Mweka hazina anaweza kuwa sahihi. Waangalie faini za kuchelewa na mfuko wa jamii, huko ndiko hela hupotea bila mwizi.

#28 Mjukuu wa Kisarawe
Au anajitetea. Kipande cha kanga kina jina gani? Kina mama wanajuana kwa kanga.

#29 Mpangaji wa Tandika
Mzee, mwenyekiti alikichoma moto kabla hajafungua mlango asubuhi. Alisema aliahidi hatauliza.

#30 Kibopa wa Mbezi
Huyo mama agombee ubunge. Na ubani, mchele na nauli za walimu ni bei gani? Isije ikawa mnatumia laki mbili kutafuta laki mbili na arobaini.

#31 Abuu Salama wa Ilala
Hapo Kibopa umesema kuliko mimi.

#32 Mpangaji wa Tandika
Mke wangu sasa anakula vizuri, namshukuru kila aliyechangia. Ila ule ufunguo kakataa kulala nao ndani. Ameutundika kwenye msumari wa mlango wa choo cha uani, na wapangaji wote saba tunapita kwa mbali.

#33 Mla Vitumbua
Mkeka siukunji. Alhamisi si mbali.